Kuuza vitabu vya shule vilivyotumika mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza vitabu vilivyotumika kutoka chumba kimoja hapa Nakuru, kupitia WhatsApp na Facebook. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wanaotaka kuanza biashara hii, na pia na wazazi wanaotaka kuuza vya watoto wao tu. Majibu ni ya Kenya: mihula ni yetu, mtaala ni wetu, na bei ni za daftari langu. Swali likirejelea lingine, nimetaja nambari yake.

## Mwanzo

1. Serikali hugawa vitabu bure. Nani basi ananunua vilivyotumika?

Tangu 2018 shule za umma hupelekewa vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, kwa hiyo mzazi wa shule ya umma si mteja wako wa kwanza. Mteja wako ni mzazi wa shule ya kibinafsi, yule anayepewa orodha ya vitabu pamoja na ripoti ya kufunga mwaka na kuambiwa aje navyo vyote siku ya kufungua.

Wapo wengine wawili. Kuna mzazi wa shule ya umma anayetaka nakala ya kubaki nyumbani, kwa sababu ile ya shule hairuhusiwi kutoka darasani au watoto wanaigawana. Na kuna mtahiniwa wa Kidato cha Nne anayejisomea. Hao wawili hununua kitabu kimoja kimoja na mwaka mzima. Mzazi wa shule ya kibinafsi hununua seti nzima, mara moja tu kwa mwaka.

2. Vitabu gani vya kuanza navyo?

Anza na Gredi ya 4 hadi ya 9, vitabu vya mwanafunzi, masomo ya kila siku: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi. Gredi za chini zina tabu yake, kwa sababu vitabu vingi vya watoto wadogo huandikwa ndani. Mtoto akishapaka rangi yule twiga na kujaza nafasi zote, kitabu kimekwisha kazi.

Mwongozo wa mwalimu usiununue. Utaletewa kwa bei ya kutupa na utaona ni bahati, lakini mzazi hautaki na shule hununua mpya.

3. Ninahitaji mtaji gani?

Mimi nilianza na Sh6,000 na seti tatu. Kilichonifaa zaidi ya pesa ni kukaa jioni mbili katika duka la vitabu mjini nikiandika bei za vitabu vipya kwenye daftari. Bila daftari hilo huwezi kujibu swali la 8.

## Toleo

4. Nitajuaje hili ni toleo gani? Jalada ni lile lile.

Usiangalie jalada. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu, palipoandikwa haki zote na anwani ya mchapishaji. Hapo utakuta miaka, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu hawatofautishi chapa na toleo.

Chapa ni kurudi mtamboni. Kitabu kilichotolewa 2019 kikachapwa tena 2021 na 2023 ni kile kile, kurasa zile zile, mazoezi yale yale. Mzazi akikuambia anataka cha 2023 nawe una cha 2019, mwonyeshe ukurasa huo. Toleo ndilo lenye maana: mwandishi amerudi akabadilisha yaliyomo, sura zimehama, kurasa hazilingani. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 47", mwenye toleo la zamani anaangalia kitu kingine.

Njia ya haraka ni ISBN, ile nambari ya tarakimu 13 iliyo juu ya mistari ya msimbo kwenye jalada la nyuma. Huanza na 978, na vitabu vingi vya Kenya hufuatiwa na 9966. Kikichapwa tena, nambari haibadiliki. Kikitolewa toleo jipya, kwa kawaida hupewa nambari mpya. Kwa hiyo mteja akiwa na shaka, mwombe apige picha jalada la nyuma la nakala ya rafiki wa mtoto wake darasani, nawe ulinganishe na yako. Hilo humaliza ubishi haraka kuliko maneno.

5. Nina vitabu vya mtaala wa umilisi vya kabla ya masomo kupunguzwa. Bado vinauzika?

Inategemea somo, na swali hili limenila pesa. Mwaka 2024 masomo yalipunguzwa na mengine yakaunganishwa. Katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, yalitoka 14 yakawa 9. Kilimo na Sayansi Kimu vikawa somo moja la Kilimo na Lishe. Masomo ya Biashara na Sayansi ya Kompyuta yakaingizwa ndani ya Masomo ya Awali ya Ufundi. Elimu ya Afya ikamezwa na Sayansi Jumuishi.

Mwisho wa 2024 muuzaji mmoja aliniletea vitabu 40 vya Sayansi Kimu vya Gredi ya 7, safi kabisa, vingine havijafunguliwa hata mara moja. Bei ilikuwa Sh60 kila kimoja. Nilivichukua vyote usiku huo huo, nikijiona mjanja. Januari ilipofika hakuna hata mzazi mmoja aliyekuwa na Sayansi Kimu kwenye orodha yake. Nilikuwa nimenunua somo lisilokuwapo. Nimebaki navyo 38. Viwili nilimpa mwalimu wa ushonaji.

Kwa hiyo soma kwanza jina la somo, kisha ndiyo uangalie hali ya kitabu. Katika sekondari msingi, Gredi ya 7 na ya 8 ndizo zenye mtego, kwa sababu vitabu vyake vya kwanza viliandikwa kabla ya mabadiliko. Gredi ya 9 ilianza Januari 2025, baada ya mabadiliko, kwa hiyo humo hutakuta masomo yaliyokufa.

Na kitabu cha somo lililobaki, kama Hisabati, lakini cha toleo la kabla ya 2024? Huuzika kama kitabu cha mazoezi ya ziada nyumbani, kwa bei ya chini, na ukisema wazi kwenye tangazo kuwa ni toleo la awali.

6. Vitabu vya 8-4-4 vina thamani hadi lini?

Hesabu darasa la mwisho. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Nyuma yao hakuna anayekuja. Mwaka 2025 hapakuwa na Kidato cha Kwanza, 2026 hakuna cha Pili, 2027 kimebaki cha Nne peke yake, na mwisho wa mwaka huo darasa hilo linafanya KCSE.

Ukilitazama hivyo tu utasema vitabu vya Kidato cha Kwanza vilikufa zamani. Havijafa. KCSE hutahini kazi ya miaka yote minne, na mtahiniwa akianza kudurusu hugundua kwamba kitabu chake cha Kemia cha Kidato cha Kwanza alimpa binamu au kilibaki shule ya zamani. Huyo ndiye mteja. Hataki kimoja, anataka vinne vya somo moja, cha kwanza hadi cha nne. Mimi nimeacha kabisa kuuza vitabu hivi kwa kidato. Navifunga kwa somo: Fizikia vinne, Biolojia vinne, Historia vinne. Kitabu cha Kidato cha Kwanza ambacho peke yake hakipati Sh50 huenda kwa Sh150 ndani ya kifungu.

Mwisho wa dirisha hili unajulikana. Muhula wa pili wa 2027 ndio wa mwisho wenye mauzo ya maana, kwa sababu muhula wa tatu mtahiniwa anatafuta karatasi za mitihani iliyopita. Usinunue shehena mpya ya 8-4-4 baada ya Aprili 2027, hata upewe kwa Sh20. Vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa ndivyo vyenye hatari zaidi: mtihani ukiisha, vinabaki hadithi za kawaida.

7. Kitabu ni kizuri na ni toleo la sasa, lakini shule inataka mchapishaji mwingine. Nimshawishi mzazi?

Usimshawishi. Kila somo lina vitabu kadhaa vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya, KICD, na vyote vinafundisha mada zile zile. Hiyo ni kweli, na mzazi anaijua. Lakini mwalimu anatoa kazi ya nyumbani kwa kutaja ukurasa, na mtoto mwenye kitabu tofauti hurudi nyumbani akilia. Mzazi naye atakukumbuka wewe.

Badala yake, kabla ya kununua shehena, tafuta orodha za shule tano au sita za eneo lako. Wazazi huziweka kwenye vikundi vya WhatsApp mwezi wa Novemba. Ukiona mchapishaji mmoja anajirudia kwa Hisabati ya Gredi ya 6, huyo ndiye wa kuweka akiba.

## Bei

8. Nipangeje bei?

Anza na bei ya kitabu hicho kikiwa kipya, leo, katika duka la mji wako. Usitumie bei aliyonunulia mwenye kitabu, wala unayoikumbuka ya mwaka juzi. Kisha toleo na hali ndivyo vinavyokupa sehemu ya kuchukua.

Mimi natoza asilimia 60 ya bei mpya kwa kitabu cha toleo la sasa, kisafi, jalada zima. Kikiwa cha toleo la sasa lakini kimeandikwa au kimelegea, asilimia 40. Cha toleo la awali ambacho bado kinasomeka kwa somo lililopo, asilimia 25. Cha somo lililoondolewa, sifuri. Usikipe hata Sh50, kwa sababu mzazi atakayekinunua kimakosa atarudi.

Kwa nini 60, si 75? Nilijaribu 75. Mzazi akiona tofauti ni Sh150 tu, anaongeza ananunua kipya chenye harufu ya kiwanda na risiti. Tofauti ikipita Sh250 kwa kitabu, anaanza kuvumilia jina la mtoto wa mtu lililofutwa kwenye jalada.

Viwango hivi ni vya wiki mbili kabla ya kufungua Januari. Vinashuka na kupanda kwa wakati. Tazama swali la 12.

9. Nipe mfano mmoja wa hesabu, mwanzo hadi mwisho.

Seti ya Gredi ya 8 niliyonunua Novemba kwa mama mmoja wa mtaa wa pili. Alikuwa na vitabu 11 kwenye gunia la unga, akataka Sh2,000. Tukaafikiana Sh1,800. Nilivihesabu, sikuvikagua; mvua ilikuwa inakuja.

Nyumbani nikakuta viwili ni vya masomo yaliyounganishwa, Sayansi Kimu na Masomo ya Biashara. Hivyo nikaviweka kando. Tisa vilivyobaki vilikuwa vyote vya toleo la sasa. Saba vilikuwa safi, na bei yake mpya dukani ilikuwa jumla ya Sh4,500. Asilimia 60 ni Sh2,700. Viwili vilikuwa vimejibiwa mazoezi kwa kalamu ya wino, bei mpya jumla Sh1,200. Asilimia 40 ni Sh480. Jumla Sh3,180.

Nikatangaza seti kwa Sh3,200 tarehe 27 Desemba. Mzazi wa Naivasha akaomba apunguziwe, tukaishia Sh2,900, nauli ya kifurushi juu yake. Karatasi ya khaki, selotepu na boda hadi steji vilinigharimu Sh200. Nikabaki na Sh900.

Lau ningefungua vile vitabu pale mlangoni kwa yule mama, ningetoa Sh1,500 na faida ingekuwa Sh1,200. Siku hizi nakagua hata kukinyesha.

10. Kuandikwa ndani kunashusha bei kiasi gani?

Penseli haishushi kitu kama una subira ya kufuta. Tumia kifutio cheupe laini, futa kuelekea upande mmoja, kisha pangusa vumbi kabla ya kufunga kitabu, maana likibaki hukaa katikati ya kurasa na kuchafua.

Wino kwenye jina la mtoto si tatizo. Wino kwenye majibu ya mazoezi ndio tatizo, kwa sababu mtoto mpya anakuta kazi imefanywa, na pengine imefanywa vibaya. Kurasa zikipungua hata moja, usikiuze kama kitabu. Hesabu kurasa za mwisho na za katikati. Ndizo hung'oka kwanza, pale uzi au pini zinapolegea.

11. Niuze seti au kimoja kimoja?

Kabla ya shule kufunguliwa, uza seti. Baada ya kufunguliwa, vunja zilizobaki uuze kimoja kimoja. Sababu iko katika jibu linalofuata.

## Wakati

12. Ninunue lini na niuze lini?

Mwaka wetu wa shule unaanza mapema Januari na muhula wa tatu unaisha mwishoni mwa Oktoba. Kati ya hapo kuna wiki kumi hivi, na biashara yote inakaa humo.

Novemba ni ya kununua. Mtoto amemaliza gredi, vitabu viko mezani, mama anataka kusafisha nyumba kabla ya wageni wa Krismasi. Bei ya kununulia iko chini kabisa. Anayekuuzia vya Gredi ya 7 mwezi huo ndiye atakayetafuta vya Gredi ya 8 Januari, kwa hiyo andika nambari yake. Robo ya wateja wangu huwa ni watu niliowahi kununua kwao, na wengine hatushikiani pesa sana: analeta vya zamani, namhesabia, anaongezea kidogo, anaondoka na vya mbele. Wachuuzi wa vitabu wa barabarani Nairobi wamekuwa wakifanya hivyo kabla simu za kisasa hazijaja.

Kuanzia tarehe 1 hadi 25 Desemba usipoteze nguvu. Watu wako safarini, pesa ni ya mbuzi na nauli. Utapata maswali mengi na "nitakucheki" nyingi. Ukiuza wakati huo, uza kwa asilimia 50.

Tarehe 26 Desemba asubuhi simu inaanza kulia. Kuanzia hapo hadi siku ya kufungua ndipo asilimia 60 inalipwa bila ubishi mrefu, na wanataka seti, kwa sababu orodha wanayo mkononi na pesa inaisha wakiiangalia. Wakenya hatuiiti Januari Njaanuari bure.

Wiki ya pili ya muhula ina soko lake, ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mtoto amerudi na karatasi ndogo kutoka kwa mwalimu: kitabu fulani hakipo. Mzazi anatafuta kimoja tu, anakitaka kesho, na yuko tayari kulipa asilimia 60 ile ile hata 65. Hapo ndipo seti ulizovunja zinalipa. Soko hilo hudumu siku kumi. Ikifika wiki ya nne shusha hadi 40, au funika hadi mwaka ujao ukiwa na hakika toleo halibadiliki.

13. Muhula wa pili na wa tatu hakuna biashara?

Ipo, ndogo. Watoto hupoteza vitabu, wengine huhamia shule nyingine Aprili. Mwezi wa Mei huuza vichache vya mitihani kwa Gredi ya 6 na ya 9. Kwa jumla miezi hiyo ni ya kufuta penseli na kubandika majalada.

14. Na Gredi ya 10 na kuendelea?

Sekondari pevu ilipokea darasa lake la kwanza Januari 2026, kwa hiyo vitabu vilivyotumika vya Gredi ya 10 haviwezi kupatikana kwa wingi kabla ya mwisho wa mwaka huo, vya Gredi ya 11 kabla ya mwisho wa 2027. Mtu akikuletea "vilivyotumika" vya gredi ambayo haijamalizwa na mtoto yeyote nchini, soma swali la 20 kabla ya kutoa pesa.

Jambo la pili: huko hakuna seti. Wanafunzi wamegawanyika katika mikondo mitatu, na ndani ya mkondo kila mmoja ana mchanganyiko wake wa masomo. Panga na uuze kwa somo.

## Kutangaza, kulipwa, kutuma

15. Tangazo liwe na nini?

Picha nne: jalada la mbele, jalada la nyuma ISBN ikisomeka, ukurasa wa miaka, na ukurasa mbaya kuliko yote ndani ya kitabu. Huo wa nne ndio unaouza. Mzazi akishaona ubaya wote, hana cha kuogopa.

Kwenye maandishi, gredi ndiyo itangulie, kwa sababu ndiyo mzazi anayoandika kwenye nafasi ya kutafutia ya `Marketplace`. Tangazo langu la kawaida huwa hivi: "Gredi ya 6, Hisabati, kitabu cha mwanafunzi. Toleo la sasa, chapa ya 2024. Penseli imefutwa, ukurasa wa 12 una doa la chai. Kipya dukani Sh620, hapa Sh370. Nakuru mjini, natuma kokote."

Ficha jina la mtoto na nambari yake ya usajili kabla ya kupiga picha. Bandika kipande cha karatasi juu yake. Jina la mtoto, shule na darasa, vyote kwenye picha moja ya hadharani, si vya kumpa kila mtu.

16. Nitalipwaje bila kuibiwa?

Pesa kwanza, kifurushi baadaye, na picha ya ujumbe si pesa. Ujumbe wa kweli wa malipo huja kwenye simu yako kutoka kwa `MPESA`, si kutoka nambari ya mtu, na salio lako huongezeka. Ujumbe wa bandia huja wakati umeshikwa na shughuli, mara nyingi jioni ya siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na mtumaji anakuharakisha kwamba boda imeshafika. Angalia salio ndipo ukabidhi.

Anayesema "niwekee, nakuja kesho" alipe Sh200 za kushikia. Januari kesho ni mbali.

17. Nitume vipi nje ya mji?

Ofisi za vifurushi za matatu na mabasi ndizo rahisi. Seti ya vitabu tisa ni mzigo wa kilo nne hivi. Funga kwa nailoni kwanza, ndipo khaki, kwa sababu vifurushi hupakiwa juu ya magunia ya samaki na mboga. Andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili, piga picha risiti, itume papo hapo. Nauli ni ya mnunuzi, na iseme kabla hajalipa.

## Vitu visivyo vitabu

18. Vikokotoo vilivyotumika vinauzika?

Vizuri sana, hasa `fx-82MS`, ambayo hutumiwa na wanafunzi wengi wa sekondari. Haina toleo la kukupa wasiwasi, kwa hiyo bei yake haianguki kama ya kitabu.

Ijaribu mbele ya anayekuuzia. Andika tarakimu ya 8 mara kumi kisha bonyeza `=`, maana 8 huwasha vijistari vyote vya jibu na kilichokufa kitaonekana. Bonyeza kila kitufe, pamoja na vya trigonometria. Kisha itazame skrini: maandishi yakiwa yamefifia, betri inakaribia kwisha. Mfuniko ukiwa umepotea, punguza Sh100.

19. Sare na masanduku?

Sanduku la bati la bweni huuzika kwa mtu yeyote, mradi bawaba na kishikio cha kufuli ni vizima. Futa jina kwa rangi ya mafuta, si kwa kukwaruza, maana likikwaruzwa hushika kutu.

Sare ni kinyume chake. Sweta yenye nembo ina wateja katika shule moja tu, kwa hiyo usiitangaze kwa umma. Ipeleke kwenye kikundi cha wazazi wa shule hiyo. Taja kipimo cha kifua na urefu kwa sentimita, kwa sababu "ya Gredi ya 5" haimwambii mama mwenye mtoto mrefu kitu.

## Mambo ya pembeni

20. Nimeletewa vitabu vyenye muhuri wa serikali au wa shule. Nichukue?

Hapana. Vitabu vinavyogawiwa shule za umma ni mali ya umma na huwekwa alama kwamba si vya kuuzwa. Kuviuza ni kesi ya polisi, kwako na kwa aliyekuletea. Angalia jalada la ndani, ukurasa wa jina, na ukingo wa kurasa kitabu kikiwa kimefungwa, kwa sababu shule nyingi hugonga muhuri hapo pia. Ukurasa wa kwanza ukiwa umechanwa kwa ustadi, au jalada limekwaruzwa mahali pamoja kwenye vitabu vyote, jibu umelipata.

Muhuri wa shule ya kibinafsi je? Huenda mzazi alilipia na shule ikapiga muhuri. Mwombe apige simu shuleni mbele yako. Anayesitasita, mwachie vitabu vyake.

21. Naweza kuskani kitabu niuze nakala za simu kwa bei nafuu?

Huwezi. Haki ya kunakili ni ya mchapishaji na mwandishi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ulichonunua ni nakala moja ya karatasi, na hiyo moja unaweza kuiuza. Hali kadhalika vitabu vilivyotolewa fotokopi na kupigwa pini: utavijua kwa picha zilizofifia na maandishi yaliyopinda karibu na mgongo.

22. Mteja anasema mwalimu amekataa kitabu. Nirudishe pesa?

Mimi hurudisha ndani ya siku saba ikiwa toleo si nililotangaza. Kosa likiwa la orodha ya shule, nabadilisha na kingine cha thamani hiyo hiyo kama ninacho, nauli yake. Ndiyo maana zile picha nne za swali la 15 nazihifadhi hadi mwisho wa Februari.

23. Vilivyobaki navifanyia nini?

Vigawe mafungu mawili. Vya toleo la sasa, vya masomo yaliyopo, vifunge kwa nailoni uviinue juu ya sakafu, maana unyevu wa Aprili hula vitabu vilivyo chini kwanza. Vya masomo yaliyokufa, peleka kwa wanaonunua karatasi kwa kilo. Vile 38 vyangu vya Sayansi Kimu bado viko chini ya kitanda. Mke wangu ameshauliza mara mbili.